Miparachichi Inayopauka Isisubiri Mvua

Kiangazi kinaelekea ukingoni na mvua za Novemba haziko mbali. Huu ndio wakati ambapo mkulima wa parachichi wa Njombe, Mufindi au Rungwe huuona vizuri mti wenye shida, kwa kuwa jua limekaza na miti yenye afya imejitenga na isiyo nayo. Katika safu ya miparachichi iliyofunga majani mazito ya kijani unasimama mmoja ambao ukitazama juu unaiona mbingu kupitia matawi yake. Majani ni machache na madogo kuliko ya jirani zake, yamepauka yakielekea umanjano, na yamelegea hata asubuhi. Ncha za matawi ya juu zimekauka na kubaki vijiti vitupu. Chini ya mti hakuna tabaka la majani makavu kama lile la miti mingine, maana mti usiotoa majani mapya hubakiwa na machache ya kupukutisha.

Mti huo kwa kawaida husomwa vibaya. Mwenye shamba husema una njaa, akauongezea mbolea. Jirani husema una kiu, akashauri ndoo mbili za maji kila jioni. Wa tatu husema ni jua tu, mvua ikinyesha utarudi. Gazeti hili linaona ni wajibu wake kusema mapema, kabla mvua hazijaanza: majani machache, rangi iliyopauka na matawi yanayokauka kuanzia ncha yakikutana katika mti mmoja, jambo la kwanza kushukiwa ni kuoza kwa mizizi. Na mti ukiwa na ugonjwa huo, kuumwagia mbolea, kuulowesha kila siku na kuusubiria mvua ni njia tatu za kuuharakishia kifo.

Anayehusika ni kimelea cha udongoni ambacho wataalamu hukiita fitofthora. Kwa muda mrefu kiliwekwa katika kundi la kuvu, lakini ukoo wake ni mwingine, ulio karibu zaidi na mwani wa majini kuliko uyoga, na tofauti hiyo ina maana kubwa shambani. Kimelea hiki husafiri kwa maji. Udongo ukishiba maji, hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, vyenye mikia, vinavyoogelea katika vitundu vya udongo vikivutwa na ncha za mizizi. Vikizifikia hujishikiza, huota na kuingia ndani. Baada ya siku chache kijizizi kilichokuwa cheupe na kigumu kimekuwa cheusi na kinakatika kikiguswa. Hali ikiwa mbaya, ukavu ukirudi, kimelea hujifunga katika vijimbegu vya aina nyingine, vyenye ganda nene, ambavyo hukaa udongoni kwa miaka vikingoja maji na mizizi.

Mparachichi kwa maumbile yake ni windo jepesi. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye udongo mwepesi unaopitisha maji haraka na uliofunikwa na majani yanayooza. Kwa hiyo mizizi inayoulisha imekaa juujuu, mingi yake ndani ya sentimita 30 za kwanza za udongo, na haina vinyweleo vingi vya kunyonyea maji kama ilivyo mizizi ya mazao mengine. Udongo mzito ukituamisha maji kwa siku mbili tatu, mizizi hiyo hukosa hewa na kudhoofika hata kabla kimelea hakijaifikia. Mahali palipo na tabaka gumu chini ya jembe, au kona ya shamba ambako maji ya mteremko hukusanyika, pameandaliwa kwa ugonjwa huu kabla mche wa kwanza haujapandwa.

Kinachomchanganya mkulima ni kwamba uharibifu na dalili haviji katika msimu mmoja. Mizizi huoza wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, udongo ukiwa na joto na unyevu. Lakini wakati huo maji ni mengi na jua ni pungufu, hivyo mti uliopoteza nusu ya vijizizi vyake bado humudu kuyanywesha majani yake. Kisha hufuata baridi ya Juni na Julai, na mti haudai sana. Ni Septemba na Oktoba, upepo ukiwa mkavu na jua likiwa kali, ndipo majani hudai maji ambayo mizizi iliyobaki haiwezi kuyaleta. Mti unapauka mbele ya macho ya mwenye shamba katika mwezi wa kiangazi, naye, kwa hoja inayoelekea kuwa na akili kabisa, analaumu kiangazi. Kosa lenyewe lilitendeka miezi sita iliyopita, chini ya ardhi, katika wiki zile ambazo kila mtu alishukuru kwa mvua nzuri.

Ipo dalili nyingine iliyowapoteza watu wengi zaidi. Mparachichi unaooza mizizi mara nyingi huchanua sana na kushika matunda mengi kuliko kawaida. Mwenye shamba hufurahi, akaona mbolea imejibu. Matunda hayo hubaki madogo. Kwa kuwa majani ya kuyakinga hayapo, yale ya upande wa magharibi huungua na jua, yakapata bato la manjano linalogeuka kahawia. Mnunuzi wa parachichi za kusafirisha nje hupima ukubwa na kutazama ngozi, na mzigo wa mti wa namna hiyo huachwa shambani au huuzwa kwa bei ya kukamua mafuta. Kibaya zaidi, kuyalea matunda yale kumeumalizia mti akiba yake ya mwisho, akiba ambayo ingetumika kuotesha vijizizi vipya.

Uhakika haupatikani kwa kutazama juu. Unapatikana kwa kuchimba, na kuchimba kwenyewe hakuhitaji zaidi ya jembe dogo au mikono. Mtu asimame pale kivuli cha matawi kinapoishia adhuhuri, aondoe matandazo, akwangue udongo taratibu hadi kina cha sentimita 15, na arudie sehemu mbili au tatu kuuzunguka mti. Chini ya mti wenye afya atakuta vijizizi vingi vyeupe au vya rangi ya maziwa, vinene kidogo, visivyovunjika kirahisi, na vingine vitakuwa vimepanda hadi ndani ya matandazo. Chini ya mti mgonjwa atavitafuta. Vichache atakavyopata vitakuwa vyeusi, vikavu kama uzi ulioungua, na vitakatika vidoleni. Mizizi minene kama penseli na zaidi itakuwa bado mizima, na hilo lisimpe faraja, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hula vijizizi na kuiacha mizizi mikubwa. Mizizi mikubwa inayoonekana mizima ndiyo iliyowafanya wengi waseme kwamba mizizi haina tatizo.

Auguse pia udongo wenyewe. Mti ulionyauka kwa kiu umesimama kwenye udongo mkavu. Mti ulionyauka kwa kuoza mizizi mara nyingi umesimama kwenye udongo ulio na unyevu kuliko wa jirani zake, kwa sababu hauna mdomo wa kuyanywa maji yaliyopo. Hii ndiyo alama ya haraka kuliko zote, na inatosha kuizuia ndoo ya maji mkononi.

Si kila mti uliopauka unaoza mizizi, na gazeti hili halitaki watu waanze kung'oa miti kwa hofu. Ukosefu wa naitrojeni huanza kwenye majani ya zamani na kwa kawaida huenea shamba zima au safu nzima kwa usawa, wala haukaushi ncha za matawi ya mti mmoja na kumwacha jirani yake akinawiri. Ukosefu wa chuma huonekana kwenye majani machanga, yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Upo ugonjwa wa kunyauka unaoingia mishipani mwa mti: hapo upande mmoja wa mti hukauka ghafla, majani yaliyokufa yakaning'inia kwa wiki kadhaa, na ukikata tawi unakuta michirizi ya kahawia ndani ya mbao. Na upo ule wa uyoga wa mizizi, ambao ukibandua gome karibu na ardhi unakuta utando mweupe. Kuoza mizizi kwa fitofthora huja polepole, hushika mti mzima, hufuata mahali maji yanapopita, na huacha vijizizi vyeusi.

Kuna mtego mmoja hata kwa mkulima makini anayepeleka majani maabara. Mti usio na vijizizi hauwezi kunyonya virutubisho, hivyo kipimo cha majani kitaonyesha upungufu wa naitrojeni, na kitakuwa kimesema kweli. Mshauri asiyechimba ataandika mbolea. Lakini virutubisho vimo udongoni tayari, na chumvi ya mbolea ya ziada itaviunguza vijizizi vichache vilivyobaki. Majibu ya majani yasitumike kamwe kuuhukumu mti ambao mizizi yake haijatazamwa.

Ofisi ya ugani isiyo na maabara ina njia yake, nayo ni ya siku nyingi. Huchukuliwa udongo pamoja na vijizizi kutoka pembeni mwa mti unaoshukiwa, ukatiwa katika chombo na kufunikwa kwa maji, kisha likawekwa humo parachichi bichi, gumu, lisilo na jeraha, nusu likiwa majini na nusu juu. Vijimbegu vikiwepo huliogelea tunda, na baada ya siku chache madoa ya kahawia hujitokeza kwenye mstari ambapo maji yanagusa ngozi. Madoa yakitokea, shaka inakuwa na uzito wa kutosha kuchukua hatua. Yasipotokea, mti haujasafishwa, hasa kiangazini, kwa kuwa huenda kiganja kile cha udongo hakikubeba kimelea kilicho hai na chenye nguvu. Jibu la mwisho ni la maabara.

Tuangalie gharama ya kuchelewa katika shamba ambalo wasomaji wetu wengi watalitambua. Ni ekari moja kwenye mteremko mpole, miti ya Hass imepandwa kwa mita 7 kwa 7, kama miti 80 hivi, na ina umri wa miaka mitano. Oktoba mti mmoja wa upande wa chini umepauka na ncha zimeanza kukauka. Mwenye shamba anafukua kuuzunguka, anachanganya CAN na udongo, na katika kufukua anakata vijizizi vilivyokuwa vizima. Jembe lilelile, likiwa na matope yaleyale, linakwenda kupalilia mti wa pili na wa tatu. Anachimba kisahani cha kushika maji na kukijaza kila jioni, na maji yanayozidi yanateremka kwenye safu ya chini. Mvua zinaanza, kisahani kinakuwa dimbwi. Machi mti umechipua kidogo, mwenye shamba anapumua.

Oktoba inayofuata mti huo umebaki mifupa, na mitatu au minne iliyo chini yake, ile iliyokuwa ikipokea maji yake, inaonekana kama ulivyoonekana wenyewe mwaka mmoja uliopita. Mwenye shamba anaung'oa uliokufa na, kwa kuwa nafasi ni mali, anapanda mche mpya katika shimo lilelile. Mche hauvuki msimu wa pili wa mvua. Kwa hesabu ya miti, hasara ya mwaka wa kwanza ilikuwa mmoja kati ya 80. Hasara halisi ni kipande cha shamba ambacho hakitapokea tena mparachichi bila maandalizi makubwa, pamoja na miaka mitatu hadi minne ambayo mche wa kupandikizwa huhitaji kabla ya kuzaa, na mingine kadhaa kabla ya kufikia mavuno kamili. Hakuna dawa inayokiondoa kimelea hiki udongoni kikishaingia, na tunaomba msomaji airudie sentensi hii. Anayechelewa msimu mmoja hapotezi msimu huo tu.

Ikiwa yupo anayedhani kwamba uangalizi na fedha vinaweza kufidia kuchelewa, atazame mti mama wa Hass wenyewe. Miparachichi yote ya Hass duniani, pamoja na ile ya Njombe na Siha, imetokana na mti mmoja uliokuwa La Habra Heights, Kalifonia, katika shamba la tarishi Rudolph Hass, aliyeusajili kwa hataza mwaka 1935. Ulikuwa mparachichi mashuhuri kuliko yote, katika jimbo lenye vyuo vilivyoutafiti ugonjwa huu kwa miongo. Ulipigana na kuoza mizizi kwa miaka mingi na ukakatwa, umekwisha kufa, mwaka 2002. Kama elimu yote ile haikuuokoa mti huo mmoja ulipokwisha kushikwa vibaya, mkulima wa ekari moja hana sababu ya kungoja.

Hata hivyo, ukiwahiwa, mparachichi huweza kuishi na kuzaa juu ya udongo wenye kimelea. Turudi katika ekari ileile na mti uleule, Oktoba ya kwanza, lakini safari hii mwenye shamba amechimba na kukuta vijizizi vyeusi. Kazi yake ya kwanza ni maji. Anafukia kisahani, anachimba mtaro upande wa juu wa mti ili maji ya mteremko yapite kando, na anahakikisha mtaro huo haumwagi kwenye miti mingine. Kama huwa anamwagilia, anapunguza kipimo na kumwagilia kidogo kidogo, kwa kuwa mti wenye nusu ya majani unatumia maji pungufu na mizizi michache iliyopo haifiki mbali. Anaacha mbolea ya chumvichumvi hadi machipukizi mapya yaonekane. Anapunguza matunda, hata kama inauma, na anakata matawi yaliyokufa hadi kwenye mbao hai. Matawi yaliyobaki wazi juani anayapaka chokaa nyeupe yasiungue.

Kisha matandazo. Mabua ya mahindi, nyasi kavu na vipande vya mbao vilivyokaa muda, kina cha sentimita 10 hadi 15, kuanzia nusu mita kutoka shinani hadi nje ya kivuli cha matawi. Matandazo hushikilia unyevu uliosawazika na kufuga vijidudu vinavyopambana na kimelea. Huko Mlima Tamborine, Queensland, nchini Australia, katika miaka ya 1970 watafiti walichunguza shamba la parachichi ambalo miti yake ilinawiri ingawa kimelea kilikuwamo, na wakakuta kwamba udongo uliolishwa kwa wingi mabaki ya mimea na samadi ulikuwa umejijengea uwezo wa kukidhibiti. Palikuwa na ukarimu wa mabaki ya mimea, mwaka baada ya mwaka, hadi sakafu ya shamba ikafanana na ya msitu.

Dawa ipo, nayo ni chumvi ya fosfonati ya potasiamu. Tangu miaka ya 1980 wakulima wa Afrika Kusini na Australia wameitumia kwa kuidunga shinani, ambako huteremka na utomvu hadi mizizini na kuusaidia mti kujikinga. Kipimo kilichozoeleka Australia ni mililita 15 za mchanganyiko wa asilimia 20 kwa kila mita ya upana wa kivuli. Mti wetu wenye kivuli cha mita 4 ungepata mililita 60, yaani sindano tatu za mililita 20 zilizogawanywa kuuzunguka mti. Atumie tu dawa iliyosajiliwa hapa nchini, kwa kipimo cha kibandiko chake, kwa kuwa masoko ya nje hupima mabaki ya fosfonati ndani ya tunda.

Lakini dawa hii ina masharti mawili ambayo wauzaji huyataja kwa sauti ndogo. Haiui kimelea kilichomo udongoni, hivyo hurudiwa kila mwaka. Na hubebwa kwenda mizizini na chakula kinachotengenezwa na majani, kwa hiyo wakati wake mzuri ni machipukizi yakishakomaa na mizizi inapoanza kukua, na mti lazima uwe na majani ya kuibeba. Mti uliobaki vijiti hauna wa kuipeleka. Kuudunga humpa mwenye shamba gharama ya sindano na majani machache yaliyoungua. Kuna mstari, kwa hiyo, kati ya mti unaotibika na usiotibika, na mstari huo ni wingi wa majani. Kila wiki inayotumika kujaribu mbolea inausogeza mti upande wa pili wa mstari.

Tumesema ya shambani. Yapo ya kitaluni, na hayo ndiyo yanayotufanya tuliite jambo hili la umma badala ya shida ya mkulima mmoja mmoja. Kimelea hakiruki hewani kutoka wilaya hadi wilaya. Husafiri na matope ya matairi na viatu, na maji ya mifereji, na zaidi ya yote ndani ya kifuko cha mche. Kitalu kinachochota udongo chini ya miti mikubwa ya parachichi, kinachookota mbegu zilizolala ardhini, kinachomwagilia kwa maji ya mto uliopita mashambani na kupanga vifuko moja kwa moja juu ya ardhi, kinauza ugonjwa pamoja na mche. Mnunuzi hawezi kuona. Wapo wanaomwagia miche dawa ya ukungu ili ipendeze hadi siku ya kuuzwa. Dawa hiyo huzuia dalili bila kuua kimelea, na mche unaondoka ukiwa wa kijani na kwenda kufunua ugonjwa wake katika ardhi ambayo haikuwa nao.

Njia safi inajulikana na haina ughali wa kutisha. Mbegu zitolewe ndani ya matunda yaliyochumwa mtini, au ziloweshwe katika maji ya nyuzijoto 50 kwa nusu saa. Udongo upikwe kwa mvuke hadi nyuzijoto 60 kwa nusu saa. Vifuko vikae juu ya kichanja au kokoto, juu ya matone ya matope. Maji yawe ya kisima au yaliyotiwa klorini. Vishina vyenye uvumilivu, kama Dusa wa Afrika Kusini, vinasaidia, ila uvumilivu si kinga, na kishina bora katika kifuko chenye udongo mchafu ni fedha iliyopotea.

Msimamo wetu ni huu. Nchi imehamasisha upandaji wa parachichi kwa kasi kubwa, miche imegawiwa na halmashauri, vyama vya ushirika na wafadhili, na masoko ya India na China yamefunguliwa. Hatuwezi kuendelea kuhesabu miche iliyogawiwa kana kwamba ndiyo mafanikio, bila kuuliza udongo uliomo ndani ya vifuko umetoka wapi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na TOSCI ina dhamana ya ubora wa mbegu na miche. Tunazitaka taasisi hizo mbili zichukue sampuli za udongo na mizizi katika vitalu vya parachichi kabla ya msimu huu wa kupanda, zichapishe orodha ya vitalu vilivyopita, na kuzuia uuzaji katika visivyopita hadi vijirekebishe. Kumwagia miche dawa ya kuficha dalili kabla ya kuuza kuchukuliwe kuwa udanganyifu wa kibiashara.

Halmashauri zisinunue mche hata mmoja kwa fedha za umma kutoka kitalu kisichopimwa. Vituo vya utafiti vya TARI, Uyole na Tengeru vikiwemo, viwape maofisa ugani mafunzo ya siku moja ya kuchimba na kutambua vijizizi, na utaratibu wa kupokea sampuli zao na kuzijibu kabla mvua hazijashika. Kampuni zinazonunua parachichi zina magari na wataalamu wanaoingia katika mamia ya mashamba. Ziwaagize wang'oe matope kwenye viatu na matairi kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine, kisha waoshe kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Jiki ikimwagwa juu ya matope haifanyi kitu.

Kwa mkulima, kazi ni ya wiki hizi. Apite shambani mwake na kamba au kitambaa, afunge kila mti ambao mbingu inaonekana kupitia matawi yake, achimbe chini ya kila aliofunga, na achimbe pia chini ya miti inayopakana nao kwa upande wa chini hata kama bado ni ya kijani. Jembe linalotoka kwa mti mgonjwa lisiende kwa mti mwingine, lirudi nyumbani. Mti uliokwisha kufa ung'olewe na mizizi yake, uchomwe papo hapo, na shimo lisipewe mparachichi, makadamia, pichi wala nanasi, kwani yote hayo kimelea hukaa nayo. Lipewe mahindi. Mitaro ya kuelekeza maji ichimbwe sasa, udongo ungali mkavu, kwa kuwa baada ya mvua ya kwanza kubwa vijimbegu vitakuwa vimekwisha kuanza safari.